Karani mstaafu aliyekagua kila karatasi, na swali moja aliloliuliza binti yake

"Baba yangu amestaafu. Mwaka jana aliweka akiba yake yote kwenye mradi wa kununua ankara aliouletewa na rafiki yake wa tangu ujana. Miezi ya mwanzo alilipwa vizuri, kisha akashauriwa aiache faida ikue, na sasa anaonyeshwa salio kubwa ambalo kila akitaka kulichukua kunatokea sababu. Nikimwambia ametapeliwa anakasirika na kunitolea faili zima la mikataba na risiti. Nitajuaje ukweli, nifanye nini bila kumvunja moyo, na je, fedha hizo zinaweza kurudi?"

Faili hilo usilidharau, wala usimwombe baba yako aliweke kando ili mzungumze. Ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu unalolitafuta, na njia ya kumfikia baba yako inapitia humo humo. Katika kazi yangu ya ukaguzi wa hesabu nimekutana na watu wengi waliopoteza fedha kwa namna hii, na picha ya mtu mwenye tamaa asiyesoma anachotia sahihi haiwafai wengi wao. Wapo waliosoma kila mstari na kuhifadhi kila kipande cha karatasi, na uangalifu huo huo ndio uliowapa utulivu ambao hawakustahili kuwa nao.

Nitakusimulia kisa cha mmoja wao, karani wa hesabu aliyestaafu, pamoja na binti yake, kwa sababu kinafanana sana na chako na kwa sababu binti huyo alipata njia ambayo nawe unaweza kuifuata. Majina siyataji, na kiasi halisi nakiacha. Tukikihesabu kiinua mgongo chake chote kuwa 100, hesabu zitakazofuata zitaeleweka kwa fedha ya nchi yoyote.

Karani huyu alikuwa amefanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini katika ofisi ya malipo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mwuzaji anayelipwa mpaka karatasi tatu zikubaliane: hati ya kuagizia mali, hati inayothibitisha kwamba mali imepokelewa ghalani, na ankara ya mwuzaji. Kiasi kikitofautiana hata kidogo, au tarehe zikigongana, malipo yalisimama. Rafiki yake wa miaka mingi alipomjia na habari za kampuni inayonunua ankara za wauzaji wanaosubiri kulipwa na taasisi kubwa, ilikuwa kana kwamba anaelezwa jambo alilolijua kuliko mtu yeyote. Alijua kwamba taasisi hukawia kulipa, na kwamba mwuzaji anayesubiri huwa na shida ya fedha taslimu. Alijua pia kwamba kununua ankara kwa bei pungufu na kuja kulipwa thamani yake kamili ni biashara halali inayofanyika kweli. Ahadi ilikuwa asilimia 10 kila mwezi.

Hakuingia kichwa kichwa. Alitoa 10 kwanza, akapewa mkataba, risiti, na mwishoni mwa mwezi taarifa ya akaunti ikionyesha ankara ambazo fedha zake zilikuwa zimenunua. Alizikagua kama alivyokuwa akikagua kazini, karatasi tatu ubavu kwa ubavu, rula na kalamu nyekundu mkononi, na zote zilikubaliana mpaka senti ya mwisho. Kwa miezi mitatu alilipwa 1 kila mwezi, siku ile ile iliyoandikwa. Mwezi wa nne akaongeza 90 zilizobaki.

Baba yako naye huenda anasimama hapo hapo, na ni vizuri uelewe kwa nini ukaguzi ule haukumlinda. Karatasi tatu za ofisini zilikuwa na nguvu kwa sababu zilitoka katika mikono mitatu isiyotegemeana. Aliyeagiza mali hakuwa yule aliyeipokea, na aliyeipokea hakuwa yule aliyeleta ankara, hivyo ili kuiba ilibidi watu watatu wapatane. Katika mradi wa rafiki yake, mkataba, risiti na taarifa ya akaunti vilitoka katika ofisi moja, pengine katika kompyuta moja. Karatasi zilizoandikwa na mkono mmoja ni lazima zikubaliane, na kukubaliana kwake hakuthibitishi chochote kuhusu kilichopo nje ya ofisi ile. Karani alifanya kazi yake sawasawa, ila kinga ilikuwa katika utengano wa mikono, na utengano huo alikuwa ameuacha ofisini siku aliyostaafu.

Usidhani kwamba kosa hili ni la wastaafu tu. Kampuni ya Bernard Madoff, iliyoanguka Marekani mwezi Desemba 2008, ilikuwa ikiwapelekea wateja wake, wakiwemo matajiri, taasisi na mifuko ya uwekezaji, taarifa nene zilizojaa hisa zilizonunuliwa na kuuzwa. Bei zilizoandikwa zilikuwa bei za kweli za soko, kwa sababu taarifa zilitungwa baada ya siku hizo kupita, bei zikiwa zimeshajulikana. Manunuzi yenyewe hayakuwapo. Aliyedai kununua hisa, aliyedai kuzihifadhi na aliyeandika taarifa walikuwa kampuni ile ile, na mteja aliyelinganisha karatasi na gazeti la biashara angekuta kila kitu kiko sawa.

Sasa tuje kwenye malipo ya mwanzo, ambayo nina hakika baba yako anayataja kila mnapobishana: walinilipa, kwa hiyo wapo. Hoja hiyo ina uzito mkubwa kwa mtu aliyeshika fedha mkononi, na haifai kujibiwa kwa maneno makali. Ijibu kwa hesabu. Mtu aliyetoa 100 akiahidiwa asilimia 10 kwa mwezi anaweza kulipwa 10 kila mwezi kwa miezi kumi bila kampuni kufanya biashara ya aina yoyote, kwa kuwa anarudishiwa vipande vya fedha zake mwenyewe na kuambiwa kwamba ni faida. Mpaka mwezi wa kumi hajapata hata senti ya mtu mwingine. Kuanzia mwezi wa kumi na moja ndipo fedha za mgeni zinapohitajika, na wenye mradi wana njia ya kuuahirisha mwezi huo, nayo ni ule ushauri wa kuiacha faida ikue. Ukikubali, mradi haukupi tena chochote, unakuandikia tu. Ndiyo maana ushauri huo huja na maneno matamu na wakati mwingine na kiwango cha juu zaidi, kwa sababu kila anayeukubali anawapunguzia wenye mradi mtu wa kulipwa mwisho wa mwezi.

Karani wetu alilipwa 10 mwezi wa nne na 10 mwezi wa tano. Mwezi wa sita rafiki yake alimwambia kwamba wenzake wenye busara huacha faida yao ndani kwa nusu mwaka, naye akakubali. Salio lake kwenye karatasi likapanda mwezi baada ya mwezi, 110, kisha 121, hadi kufikia 177 mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Alipoomba kuchukua sehemu ili atengeneze paa la nyumba, aliambiwa mfumo unafanyiwa marekebisho. Mwezi uliofuata aliambiwa mkaguzi kutoka nje amekuja. Mwezi wa tatu tangu aombe, aliambiwa salio lote litalipwa, lakini sharti atangulize kodi ya asilimia 15.

Hapo ndipo binti yake alipojua. Alifanya kama ulivyofanya wewe: alimwambia baba yake kwamba ametapeliwa, na kwamba rafiki yake ni mwizi. Baba alinyanyuka mezani. Kwa majuma kadhaa hawakuzungumza juu ya jambo hilo, na katika majuma hayo mzee alikuwa akitafuta mtu wa kumkopesha ile kodi.

Binti alipokuja kuniona alitaka nimwandikie barua baba yake, akiamini kwamba mtu mwenye taaluma atasikilizwa. Nilimshauri ajaribu kwanza jambo jingine, kwa sababu barua yangu ingekuwa hukumu tu kutoka kwa mtu wa pili asiyemjua mzee. Nilimwomba arudi nyumbani na kumwomba baba yake amfundishe kulisoma lile faili. Asimpinge, asimtaje rafiki, na asimwulize kama anaamini. Aombe waandike pamoja safu tatu katika ukurasa mtupu: fedha zilizotoka mkononi mwa baba na tarehe zake, fedha zilizofika kweli mkononi mwake na tarehe zake, na kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa. Safu mbili za kwanza zijazwe kutokana na taarifa ya benki ya baba, ambayo haikuandikwa na wenye mradi.

Waliketi mchana mmoja. Safu ya kwanza ilijumlishwa 100. Ya pili ilijumlishwa 23, yaani zile 3 za mwanzo na 20 za baadaye. Ya tatu ilisema 177. Binti aliniambia kwamba baba yake aliutazama ukurasa kwa muda mrefu, kisha akaandika 77 chini ya safu ya pili na kuipigia mstari mara mbili, kama afungavyo hesabu ya mwezi. Kwa wiki nyingi alikuwa akiomboleza moyoni 177 zilizokwama. Sasa aliona kwamba 177 hazikuwahi kuwapo mahali popote isipokuwa kwenye karatasi ile, na kwamba kilichokuwa kimetoka mikononi mwake kwa hakika kilikuwa 77. Hasara ilikuwa kubwa na ya kuumiza, lakini ilikuwa na ukubwa unaojulikana, na mtu anayeujua ukubwa wa hasara yake huacha kutafuta mkopo wa kuikomboa namba ambayo haipo. Hesabu ya kodi ilikufa pale pale, bila mabishano.

Nakuomba uanze na ukurasa huo. Una faida nyingine ya kisheria, ambayo nitaifikia.

Baada ya hapo binti alimwomba baba yake amsomee namba za ankara zilizoorodheshwa kwenye taarifa, ili aziandike. Zilikuwa za wauzaji watatu tofauti, mmoja wa vifaa vya ofisi, mmoja wa dawa na mmoja wa mafuta. Mzee alisoma namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alipofika ya nne akanyamaza. Namba zilikuwa zinafuatana, kana kwamba wauzaji watatu wasiojuana walikuwa wakichana karatasi kutoka kitabu kimoja. Alirudi kwenye taarifa ya mwezi uliotangulia, akakuta vivyo hivyo. Binti hakusema kitu. Baba yake ndiye aliyesema, kwa sauti ya karani, kwamba ankara hizo asingezilipa.

Angalia kilichotokea hapo. Ujuzi wa kuuona uongo ule alikuwa nao tangu siku ya kwanza, ila alikuwa ameuelekeza kwenye swali la kama karatasi zinakubaliana, wala hakuwa amejiuliza zimetoka wapi. Binti yake hakumfundisha hesabu. Alimrudisha tu kwenye kazi yake, na akampa nafasi ya kuwa mtu wa kwanza kulisema jambo.

Hata hivyo namba zinazofuatana ni dalili, na dalili inaweza kuelezewa. Rafiki angeweza kusema kwamba hizo ni namba za ndani za kampuni. Ndipo lilipokuja swali moja ambalo nakusihi usiliache: kumwuliza mtu wa nje. Ankara mojawapo ilitaja taasisi kubwa kuwa ndiyo mdaiwa. Binti alitafuta mwenyewe anwani ya ofisi ya fedha ya taasisi hiyo, bila kutumia namba ya simu iliyochapwa kwenye taarifa ya mradi, kwa kuwa namba hiyo huenda ingepokelewa na mwenye mradi. Akaandika barua fupi akiambatisha nakala ya ukurasa wenye ankara ile, na kuuliza kama namba hiyo na mwuzaji huyo wanajulikana kwao. Ofisi haikuwa na wajibu wa kumjibu, na nyingine ingekataa kwa sababu ya siri za wateja wake. Hii ilijibu kwa mistari miwili: mwuzaji huyo hayumo katika orodha yao, na ankara hiyo hawaitambui.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 katika siku 45, akidai kwamba ananunua kuponi za posta za kimataifa mahali zilipo rahisi na kuzikomboa mahali zilipo ghali. Maelfu walilipwa, na waliolipwa wakawaleta wengine. Mchambuzi wa mambo ya fedha Clarence Barron hakuhitaji kuziona hesabu za Ponzi. Alikadiria kwamba fedha zilizowekezwa zingehitaji kuponi milioni 160, wakati zilizokuwa zikizunguka zilikuwa kama 27,000 tu. Biashara iliyodaiwa isingeweza kutoshea katika dunia iliyokuwapo, na mwezi Agosti mwaka huo Ponzi alikamatwa. Kwa mradi wa baba yako, mtu wa nje wa kuulizwa anaweza kuwa taasisi inayotajwa kudaiwa, benki inayotajwa kutunza fedha, au mamlaka inayosimamia uwekezaji nchini mwako. Usikubali cheti cha usajili wa kampuni kuwa jibu. Kusajiliwa humaanisha kwamba jina lipo kwenye daftari la makampuni, na ni jambo jepesi. Kupokea fedha za umma kwa ahadi ya faida huhitaji leseni nyingine kabisa, nayo huthibitishwa na aliyeitoa, kamwe si nakala iliyotundikwa ukutani mwa ofisi ya mradi.

Sasa nizungumze juu ya rafiki, kwa sababu nadhani ndiye sababu ya hasira ya baba yako kuliko fedha zenyewe. Ukisema "ametapeliwa", baba anasikia kwamba urafiki wa maisha yake ulikuwa uongo, na hakuna mzee atakayekubali hilo kwa sababu mwanawe amelisema jioni moja. Mara nyingi pia si kweli. Miradi ya aina hii huenea kwa kupitia watu wanaoaminiana, ndugu, waumini wa nyumba moja ya ibada, wafanyakazi wa zamani wa ofisi moja, kwa kuwa mtu hamkagui anayemwamini. Kwa hiyo wanaoleta wenzao wengi wao wameingia kwa moyo mweupe na wameweka vya kwao. Rafiki wa karani alikuwa ameuza shamba. Alikuwa pia anapata kamisheni kwa kila mtu aliyemleta, jambo ambalo hakulisema, na yote mawili yalikuwa kweli kwa mtu mmoja. Binti alijifunza kuyashika yote mawili bila kulazimisha moja limfute jingine, na naamini hilo ndilo lililomwezesha baba yake kuzungumza. Aliacha kuuliza kama rafiki ni mwizi, akaanza kuuliza rafiki amelipwa kiasi gani na lini.

Swali hilo lina maana mahakamani. Mradi unapoanguka na msimamizi wa mali kuteuliwa, mara nyingi hesabu hufanywa kama ule ukurasa wa safu: kilichowekwa kutoa kilichopokelewa, na salio la kwenye karatasi halihesabiwi. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa katika kesi za Madoff. Aliyeweka 100 na kupokea 23 anadai 77. Aliyeweka 40 na kupokea 60 hadai kitu, na anaweza kutakiwa kurudisha zile 20 za ziada hata kama hakujua lolote, kwa sababu zilitoka mifukoni mwa wenzake. Rafiki wa karani alikuwa katika kundi la pili. Ikiwa baba yako naye aliwaleta watu na kupewa kamisheni, ni lazima ujue mapema na mwanasheria ajue mapema, kwa kuwa hapo mambo yake hayafanani tena na ya mtu aliyepoteza tu.

Kuhusu hatua za kuchukua, la kwanza ni kwamba fedha mpya zisiende, kwa jina lolote, iwe kodi, ada ya kufungulia akaunti au mtaji wa kuokoa mtaji. Hakuna kodi halali inayotangulizwa kwa kampuni ili ikupe fedha zako. La pili ni kuhifadhi ushahidi kabla hamjazua ugomvi. Nakilini mazungumzo yote ya simu na ya makundi yenye tarehe, kwa sababu anayeanza kuuliza maswali huondolewa kwenye kundi na ujumbe hufutwa. Chukueni taarifa za benki zinazoonyesha jina la akaunti iliyopokea fedha, na tazameni kama ni akaunti ya kampuni au ya mtu binafsi. Kama kuna fedha iliyotumwa siku chache zilizopita, nenda benki leo, kwa kuwa uwezekano wa kuizuia hupungua kila siku na baada ya muda mfupi huisha kabisa.

Kisha baba yako aandike barua ya kuomba salio lake lote, yenye tarehe ya mwisho ya kulipwa, na abaki na nakala iliyotiwa sahihi ya kupokelewa. Sitarajii kwamba watalipa. Faida yake ni kwamba ahadi za mdomo zinakuwa ombi lililokataliwa au kupuuzwa, na jambo hilo linaonekana kwenye maandishi.

Baada ya hapo mtakuwa mbele ya uchaguzi mgumu, nami sitaufanya uonekane mwepesi. Kuna watakaowashauri mnyamaze, mdai kimya kimya, ili mlipwe kabla habari hazijasambaa. Wakati mwingine mtu hulipwa hivyo. Lakini fedha atakayolipwa ni ya mstaafu mwingine aliyeingia jana, msimamizi wa mali anaweza kuja kuidai, na kila wiki ya kunyamaza ni wiki ambayo wenye mradi wanatumia kuhamisha kilichobaki. Kutoa taarifa polisi na kwa mamlaka ya uwekezaji mapema ndiko kunakoweza kufanya akaunti zizuiwe zikiwa bado na kitu. Gharama yake ni kwamba malipo yote husimama, na baadhi ya waliowekeza watamlaumu baba yako kwamba ndiye aliyeuangusha mradi. Karani na binti yake walitoa taarifa. Walilaumiwa sana, na mmoja wa waliowalaumu alikuwa mtu aliyeweka fedha zake wiki iliyotangulia.

Je, zinaweza kurudi? Kidogo, na polepole, na pengine zisirudi kabisa. Katika kesi ya Madoff wadai waliokubaliwa walirudishiwa sehemu kubwa ya walichokiweka, lakini huko kulikuwa na benki, mifuko na matajiri wa kushtakiwa, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mradi mdogo mara nyingi hauna mali ya kutosha ya kufuatwa, kwa kuwa fedha zilishatumika kuwalipa waliotangulia, kulipa kamisheni na kugharamia maisha ya wenye mradi. Karani wetu alipokea 11 kati ya zile 77, baada ya miaka miwili. Mpangieni baba yako maisha ya kutegemea pensheni yake ya mwezi na msaada mnaoweza kumpa, na kitakachorudi kihesabuni kama ziada. Mtu anayengoja fedha zirudi ndipo aanze kupanga huishi katika deni.

Jihadharini pia na atakayepiga simu miezi michache baadaye akisema yeye ni wakili, au afisa, au mtaalamu wa kufuatilia fedha zilizoibwa, na kwamba salio limeonekana mahali ila inahitajika ada. Orodha za majina ya waliotapeliwa huuzwa na kununuliwa, na simu ya namna hiyo huja ikiwa na kiasi kamili alichopoteza mtu, jambo linalomfanya aamini. Mwanasheria mtafuteni wenyewe, kupitia chama cha wanasheria cha nchi yenu, mkutane naye ofisini kwake ana kwa ana, na mwende na ule ukurasa wa safu tatu pamoja na taarifa za benki. Mwulizeni kabla ya yote muda wa mwisho wa kufungua dai, kwa sababu ukipita, hata ushahidi mzuri hausaidii.

Kuna msaada mwingine wa ana kwa ana ambao haupaswi kungoja mwanasheria. Mtu aliyehesabika maisha yake yote kuwa makini na fedha za wengine, akipoteza za kwake, hubeba aibu ambayo hawezi kuitamka. Karani aliacha kulala, akaacha kula na wenzake, na siku moja alimwambia binti yake kwamba familia ingekuwa na nafuu bila yeye. Binti hakulipita neno hilo. Alimwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, naye akakiri, na siku hiyo hiyo walikwenda hospitali pamoja. Kumwuliza mtu swali hilo hakumtii wazo kichwani. Kunampa ruhusa ya kusema kilichomo tayari. Ukimwona baba yako anagawa vitu vyake, anaaga kwa namna isiyo ya kawaida, au anasema kwamba yeye ni mzigo, usimwache peke yake hata kwa saa moja, na umfikishe kwa daktari siku hiyo. Faili litakuwepo kesho.